Bei ya Kuunganisha Orodha Zilizokwisha Kupangwa

Chukua seva 64 zinazohudumia mfumo mmoja. Kila seva huandika matukio yake kwenye faili lake, mstari baada ya mstari, kwa kufuata saa. Siku ikiisha kuna mafaili 64, kila moja limekwisha kupangwa kwa saa, na tuseme kila moja lina mistari milioni moja. Mkaguzi hataki mafaili 64. Anataka moja, lenye mistari yote milioni 64 ikifuatana kwa saa, ili aone tukio lipi lilitangulia lipi.

Njia inayomjia mtu kwanza ni kuunganisha faili la kwanza na la pili, kisha matokeo yake na la tatu, kisha na la nne, hadi la 64. Kuunganisha orodha mbili zilizopangwa ni kazi nyepesi: unatazama mstari wa mbele wa kila moja, unatoa ulio mdogo, unasogea. Tatizo ni kwamba mistari ya faili la kwanza inabebwa upya katika kila raundi. Raundi ya kwanza inagusa mistari milioni 2, ya pili milioni 3, na ya mwisho milioni 64. Ukijumlisha unapata miguso milioni 2,079, ilhali mistari yenyewe ni milioni 64 tu. Kwa wastani kila mstari umebebwa zaidi ya mara 32.

Njia ya pili ni kufungua mafaili yote kwa pamoja na kuitazama mistari 64 ya mbele. Ulio mdogo kuliko yote unautoa, na nafasi yake inachukuliwa na mstari unaoufuata katika faili lilelile. Hapa kila mstari unabebwa mara moja tu, na hilo ni jambo kubwa. Lakini kumtafuta mdogo kati ya 64 kunadai kulinganisha mara 63, halafu mstari mmoja ukishatoka unaanza upya kana kwamba hujawahi kuitazama ile 63 iliyobaki. Milioni 64 mara 63 ni zaidi ya bilioni nne. Huo ni usahaulifu unaolipiwa: kazi ya raundi iliyopita inatupwa yote, ingawa kilichobadilika ni mstari mmoja.

Lundo ndilo linaloukomesha usahaulifu huo. J. W. J. Williams alilichapisha mwaka 1964 kama sehemu ya njia yake ya kupanga, na mwaka huohuo Robert Floyd akaonyesha namna nafuu zaidi ya kulijenga. Umbo lake ni mti ambao kila mzazi ana watoto wasiozidi wawili, na sharti lake ni moja: mzazi hamzidi mtoto wake. Ndugu wawili hawana haja ya kupangana. Kwa sharti hilo pekee, aliye mdogo kuliko wote lazima awe kileleni, na chini yake mpangilio ni legevu kiasi kwamba kuutunza hakugharimu sana. Mti wenyewe hauhitaji vielekezi. Unakaa kwenye safu ya kawaida, na watoto wa aliye nafasi ya i wako nafasi ya 2i na 2i + 1.

Tuone kwa mfano mdogo unaoweza kuufuata kwa kalamu. Orodha ni nne, kila moja ina namba tatu. A ina 3, 14, 27. B ina 5, 6, 30. C ina 8, 9, 10. D ina 2, 21, 22. Tunaweka namba za mbele kwenye safu: 3, 5, 8, 2. Nafasi ya pili ina 5 na mtoto wake wa nafasi ya nne ni 2, kwa hiyo wanabadilishana. Sasa kileleni kuna 3 na mtoto wake mmoja ni 2, nao wanabadilishana pia. Lundo limekuwa 2, 3, 8, 5.

Tunatoa 2. Ilitoka D, basi namba inayofuata ya D, yaani 21, inawekwa palepale kileleni. Haistahili kukaa hapo. Watoto wake ni 3 na 8. Mdogo kati yao ni 3, naye anapanda, 21 inashuka. Huko iliposhuka mtoto wake ni 5, naye anapanda pia. Lundo sasa ni 3, 5, 8, 21, na tumelinganisha mara tatu. Tunatoa 3, tunaweka 14 kutoka A, na lundo linakuwa 5, 14, 8, 21. Tunatoa 5, tunaweka 6 kutoka B. Hapa pana kitu cha kuangalia: watoto wa kilele ni 14 na 8, mdogo ni 8, na 6 ni ndogo kuliko 8. Namba mpya imebaki kileleni, kazi imekwisha kwa kulinganisha mara mbili tu. Hivyo hivyo inatokea baadaye kwa 9 na 10 za orodha C, ambazo zinafuatana bila kuingiliwa. Ikitoka 10, C imekwisha. Hakuna cha kuweka, basi namba ya mwisho ya lundo inahamishiwa kileleni na lundo linapungua nafasi moja. Ukimaliza utakuwa umetoa 2, 3, 5, 6, 8, 9, 10, 14, 21, 22, 27, 30, na ukihesabu pamoja na ujenzi wa mwanzo utapata umelinganisha mara 25.

Kwenye Python shughuli nzima ni hii:

```python
import heapq

def unganisha(orodha):
    lundo = []
    for i, o in enumerate(orodha):
        it = iter(o)
        for x in it:
            lundo.append((x, i, it))
            break
    heapq.heapify(lundo)
    while lundo:
        x, i, it = lundo[0]
        yield x
        for y in it:
            heapq.heapreplace(lundo, (y, i, it))
            break
        else:
            heapq.heappop(lundo)
```

Ile `i` katikati si pambo. Mistari miwili ikiwa na saa ileile, Python italinganisha kipengele kinachofuata. Pasipo namba ya orodha itajaribu kulinganisha visomaji vyenyewe na programu itaanguka. Inafanya kazi ya pili pia: mistari yenye saa sawa inatoka kwa mpangilio wa mafaili, faili la kwanza kabla ya la pili, kila siku vivyo hivyo. Mkaguzi anayeendesha kazi ileile mara mbili na kupata matokeo mawili tofauti hatakuamini tena.

Sasa bei. Tuite idadi ya orodha k, na idadi ya mistari yote n. Lundo halizidi k wakati wowote, kwa hiyo kina chake ni idadi ya mara unazoweza kuigawa k kwa mbili hadi ufike 1, ndiyo logi ya k kwa kizio cha 2. Kwa orodha 64 ni ngazi 6. Kila mstari mpya unaweza kushuka ngazi zote sita, na kila ngazi inadai kulinganisha mara mbili: kwanza watoto wawili wenyewe kwa wenyewe, kisha mdogo wao na anayeshuka. Hiyo ni mara 12 kwa mstari, au milioni 768 kwa faili zima, ukilinganisha na zaidi ya bilioni nne za njia iliyotangulia. Kwa ujumla gharama inakua kama n mara logi ya k, na memori inayohitajika ni ya mistari k, si n.

Angalia kilichomo ndani ya logi: ni k, wala si n. Ukiyashikanisha mafaili yote 64 na kuyapanga upya kama fujo, logi inachukuliwa ya milioni 64, ambayo ni karibu 26. Tofauti ya 26 na 6 ndiyo thamani ya mpangilio ambao seva zilikwisha kukupa bure. Ukiongeza mistari mara kumi bila kuongeza seva, kazi inaongezeka mara kumi kamili, bila nyongeza. Ukiongeza seva kutoka 64 hadi 128 huku mistari ikibaki ileile, unaongeza ngazi moja tu.

Kuna upotevu mmoja unaonekana sana kwenye programu za watu: kutoa kilele kwa `heappop`, kisha kuingiza mstari mpya kwa `heappush`. Jibu ni sahihi, lakini lundo linapangwa mara mbili kwa kila mstari. Kwanza namba ya mwisho inapelekwa kileleni na kushushwa hadi chini, kisha mpya inawekwa chini na kupandishwa. `heapreplace` inaweka mpya moja kwa moja kileleni na kupanga mara moja.

Je, inawezekana kuikwepa logi ya k kabisa? Kwa kulinganisha tu, haiwezekani, na sababu yake ni ya kuhesabu. Orodha nne za namba tatu tatu zinaweza kuingiliana kwa namna 369,600 tofauti, na programu lazima itambue ni ipi kati ya hizo iliyoko mbele yake. Kila ulinganisho una majibu mawili, kwa hiyo kwa vyovyote hauwezi kupunguza uwezekano chini ya nusu kila mara. Milinganisho 18 inatenganisha hali 262,144 tu, haitoshi. Lazima kuwe na mpangilio utakaodai 19 au zaidi. Kwa orodha kubwa zenye urefu sawa, hesabu hiyohiyo inakupeleka karibu kabisa na n mara logi ya k. Kwa mafaili yetu 64, sakafu ni karibu milinganisho 6 kwa kila mstari, na hakuna ujanja utakaoishusha kwa mipangilio yote.

Lakini lundo letu lilitumia 25, si 19. Na hapa ndipo vitabu vingi vinapita haraka mno. Rudi kwenye mfano ule na uunganishe wawili wawili: A na B kwanza, inachukua milinganisho 5, C na D, 4, kisha matokeo hayo mawili, 10. Jumla 19. Njia ya wawili wawili imelishinda lundo kwa kulinganisha, na kwa mafaili 64 itafanya hivyo pia: raundi sita, kila raundi si zaidi ya ulinganisho mmoja kwa mstari, jumla isiyozidi milioni 384, nusu ya kile ambacho lundo linaweza kudai. Daraja la ukuaji ni lilelile, n mara logi ya k, ila lundo lina mbili mbele yake.

Kwa nini basi mtu atumie lundo? Kwa sababu bei halisi ya kazi hii mara nyingi si kulinganisha. Ni kubeba. Tuseme kila mstari una baiti 100, hivyo mafaili yote ni gigabaiti 6.4, na diski inasoma na kuandika megabaiti 160 kwa sekunde. Lundo linasoma kila kitu mara moja na kukiandika mara moja: gigabaiti 12.8, sekunde 80. Wawili wawili wanasoma na kuandika kila kitu mara sita: gigabaiti 76.8, dakika nane. Ile njia ya kwanza kabisa, ya moja baada ya moja, inasogeza karibu gigabaiti 416, na kusubiri kwake ni zaidi ya dakika 43. Milinganisho milioni mia kadhaa, ikiwa ni ya namba fupi kama saa, ni kazi ya sekunde chache kwa kompyuta ya leo. Lundo linalipa milinganisho ya ziada ili lisirudi diskini, na kwa bei hizo ni biashara nzuri.

Ikiwa data yote inaenea kwenye memori, hoja hiyo inapungua nguvu. Kwenye Python inageuka kabisa. Kuzishikanisha orodha na kuita `sorted` mara nyingi kunaimaliza kazi kwa haraka kuliko `heapq.merge`, jambo linalowashangaza waliofundishwa kwamba kupanga upya ni n mara logi ya n. Njia ya kupanga iliyoandikwa na Tim Peters mwaka 2002 hutafuta kwanza vipande ambavyo vimekwisha kupangwa, inavikuta 64, na kuviunganisha viwili viwili. Haipangi upya chochote. Kazi yake pia ni kama n mara logi ya k, na inafanywa yote ndani ya C, ilhali `heapq.merge` inapita kwenye mkalimani wa Python kwa kila mstari mmoja. Faida ya `heapq.merge`, iliyoingia kwenye Python 2.6, ni kwamba haisubiri: mstari wa kwanza unatoka mara tu inapokuwa na mistari 64 ya mbele, na memori haijai hata mafaili yawe makubwa kiasi gani.

Kuna pia mpaka wa upande wa pili, pale k inapokuwa kubwa mno. Kusoma faili mstari mmoja mmoja kutoka diskini ni maafa, kwa hiyo kila faili linapewa bafa yake kwenye memori, na bafa ikiisha inajazwa tena. Ukiwa na megabaiti 64 za bafa kwa mafaili 64, kila moja linapata megabaiti moja. Kusoma gigabaiti 6.4 kunadai kujaza bafa mara 6,400. Kwenye diski ya kuzunguka, ambako kichwa kinahitaji takriban milisekunde 10 kufika mahali papya, safari hizo ni sekunde 64. Inavumilika.

Sasa data hiyohiyo iwe imekatwa katika mafaili 10,000. Kila faili linapata bafa ya kilobaiti 6.4, kujaza kunafanyika mara milioni moja, na safari za kichwa peke yake zinakula sekunde 10,000, karibu saa mbili na dakika 47. Lundo halina kosa lolote. Logi imepanda kutoka 6 hadi kama 13.3 tu. Kilichoharibika ni bafa. Dawa ni kuunganisha kwa hatua mbili: makundi 100 ya mafaili 100, kisha matokeo 100 kwa pamoja. Kila hatua ina bafa za kilobaiti 640 na safari 10,000, yaani sekunde 100. Hatua mbili ni sekunde 200, ongeza sekunde 160 za kusoma na kuandika mara mbili, unapata dakika sita. Kwa kurahisisha nimeziacha safari za upande wa kuandika. Na milinganisho je? Haijaongezeka hata kidogo, kwa sababu logi ya 100 ikijumlishwa na logi ya 100 ni logi ya 10,000. Umenunua raundi moja zaidi ya diski na hukulipa kitu upande wa lundo. Hata kabla ya bafa, mfumo wa Linux unaweza kukukatalia: `ulimit -n` mara nyingi huanza na mafaili 1,024 yaliyofunguliwa kwa programu moja.

Kosa linalosumbua zaidi halihusu kasi. Lundo linaamini kwamba kila orodha imepangwa, na halikagui. Tuseme saa ya seva moja iliruka mbele hadi 9:00 alasiri kwa mstari mmoja, kisha ikarekebishwa kurudi 4:01 asubuhi. Mstari ule wa 9:00 unafika kwenye lundo na kuzama chini, na nyuma yake faili zima la seva ile limezuiliwa. Seva nyingine 63 zinaendelea kutoka kama kawaida hadi zinapofika 9:00. Hapo mstari ule unatoka, na nyuma yake inamwagika mistari yote ya asubuhi ya seva ile, maelfu kwa mfululizo. Ukiona hivyo kwenye faili la mwisho, kundi refu la mistari ya chanzo kimoja yenye saa za nyuma, usitafute kosa kwenye lundo. Tafuta mstari uliotangulia kundi hilo. Kinga yake ni kukumbuka ufunguo wa mwisho wa kila orodha na kuulinganisha na unaosomwa, ulinganisho mmoja zaidi kwa mstari, na kusimamisha kazi papo hapo ukiwa mdogo.

Ndugu wa kosa hilo ni orodha zilizopangwa kwa kanuni tofauti na ya anayeunganisha. Namba zilizopangwa kama maandishi zinaweka 10 kabla ya 9. Mafaili yaliyopangwa chini ya lugha moja ya mfumo na kuunganishwa chini ya nyingine hutoa fujo ya aina hiyo bila onyo, kwa kuwa `sort -m` nayo haikagui. Kabla ya kuunganisha, amri hii hukaa kimya ikiwa faili ni salama, na hutaja mstari wa kwanza wenye kasoro ikiwa si salama:

```
LC_ALL=C sort -c seva17.txt
```

Kisha `sort -m` iendeshwe na `LC_ALL=C` ileile. Cha kushangaza ni kwamba `sort` ya GNU yenyewe haitumii lundo katika kuunganisha. Kwa kawaida inafungua mafaili 16 kwa mkupuo, na mistari ya mbele inaitunza kwenye safu iliyopangwa kikamilifu. Mstari mpya unalinganishwa kwanza na ule ulio mbele ya foleni. Ukishindwa hapo, nafasi yake inatafutwa kwa kuigawa safu nusu kwa nusu, na waliobaki wanasogezwa. Kusogeza vielekezi 16 ni kazi ndogo mno, na kutafuta kwa nusu nusu kunadai ulinganisho mmoja kwa ngazi badala ya miwili, jambo lenye uzito pale ufunguo unapokuwa maandishi marefu. Ule ulinganisho wa kwanza nao una maana yake. Seva huandika kwa mikupuo, mistari mingi ya chanzo kimoja hufuatana kama 8, 9 na 10 za orodha C, na kila unapotokea mkupuo wa namna hiyo mstari unaingia na kutoka kwa ulinganisho mmoja tu, iwe k ni 4 au 16.